Suluhu zilizopungua kwenye hesabu

Timu mwenyeji inatarajiwa kufunga wastani wa mabao 1.4, mgeni bao 1. Kanuni ya Poisson, yenye jina la mwanahisabati Mfaransa, inaugeuza wastani huo kuwa uwezekano wa kila matokeo. Suluhu inapata asilimia 9.1, sare ya 1-1 asilimia 12.7.

Kasoro iko kwenye dhana kwamba mabao ya timu moja hayahusiani na ya nyingine. Mwaka 1997, Mark Dixon na Stuart Coles wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichapisha utafiti uliotumia mechi za Uingereza za 1992 hadi 1995. Waliona dhana hiyo inayumba hasa mabao yanapokuwa machache, wakarekebisha matokeo manne tu: 0-0, 1-0, 0-1 na 1-1.

Kiasi cha marekebisho hubebwa na namba moja, ρ, inayokadiriwa kutokana na mechi zenyewe. Tuseme ni -0.1. Suluhu inapanda hadi asilimia 10.3 na 1-1 hadi 14.0. Ushindi wa 1-0 unashuka kutoka 12.7 hadi 11.4, na wa 0-1 kutoka 9.1 hadi 7.8. Kila tokeo limesogea kwa kiasi kilekile, karibu asilimia 1.3: mawili juu, mawili chini. Hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo, kwa kuwa jumla haibadiliki na wastani wa mabao ya kila timu unabaki vilevile. Kinachohama ni sare.

Kisha kuna umri wa mechi. Kipigo cha miaka miwili iliyopita hakistahili kusema kwa sauti sawa na cha Jumamosi iliyopita. Dixon na Coles waliipa kila mechi uzito wa exp(-0.0065t), ambapo t ni idadi ya nusu wiki zilizopita. Mechi ya wiki kumi zilizopita inabaki na uzito wa 0.88, ya mwaka mmoja takriban 0.51, ya miaka miwili 0.26.

Namba hiyo ya 0.0065 ina mtego. Ukiitafuta kwa kuangalia inavyozieleza mechi zilezile ulizozipunguzia uzito, kusahau haraka kutashinda daima, maana makosa yanafutika pamoja na mechi. Njia sahihi ni kukadiria kwa mechi za nyuma tu, kutabiri zinazofuata, kisha kupima uwezekano uliopewa matokeo yaliyotokea kweli. Zoezi hilo hurudiwa kwa kila namba inayojaribiwa.

Hata hivyo, uzito huu huhesabu siku, hauoni tukio. Timu ikimuuza mshambuliaji wake leo, mechi alizocheza wiki iliyopita bado zina uzito wa 0.99.