Pesa Anazotuma Mtoto Kutoka Ng'ambo: Ipi ni Nafaka, Ipi ni Zawadi na Ipi ni Mali Yake?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote.

Miongoni mwa mas-ala yanayotufikia mara kwa mara kutoka familia za Unguja na Pemba ni haya ya pesa zinazotumwa na watoto wetu walioko Oman, Dubai, Uingereza na kwengineko. Anayetuma huuliza: nilishe nyumba ya wazee au nijenge? Walioko nyumbani nao huuliza: zilizojengewa ni zake au ni zetu sote? Ukiyatazama vizuri, maswali haya mawili ni moja. Pesa iliyotumwa bila ya kupewa jina haijulikani ni nafaka, ni zawadi, au ni amana ya kufanyiwa kazi. Kila moja kati ya hizo ina hukumu yake katika sharia.

Tuchukue mfano. Kijana wa Wete anafanya kazi Maskati. Mke wake na watoto wawili wadogo wako Unguja, na wazee wake wako Wete, hawana kipato cha kuwatosha. Kila mwezi anatuma riyali 120, zote kwa kaka yake, na maneno yake kwenye simu ni "angalia mambo ya nyumbani." Kaka anampelekea shemeji yake sehemu, anawanunulia wazee mchele na dawa, anamlipia dada yao skuli, na kinachobaki ananunua matofali na saruji. Nyumba inapanda kidogo kidogo kwenye kiwanja cha baba. Baada ya miaka mitano imefika kwenye lenta, na hapo baba anafariki.

Tuanze na nafaka, kwa sababu hiyo haina hiari. Katika madhhebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwa hivi, mtu huanza na nafsi yake, kisha mke wake, kisha watoto wake wadogo, kisha wazazi wake wakiwa ni wahitaji naye ana ziada. Asili yake ni Hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim, ambapo Mtume (S.A.W.) alimuelekeza mtu aanze na nafsi yake, kikizidi kiende kwa watu wa nyumba yake, kikizidi kiende kwa jamaa zake.

Nafaka ya mke ni haki yake hata kama yeye ana mali. Mwezi usiolipwa haufutiki, bali unabaki ni deni juu ya mume. Kwa hiyo si sawa pesa yake ipitie mikononi mwa watu watatu, naye akae akiomba mafuta ya kupikia kwa shemeji. Nafaka ya wazazi ni kiasi cha kuwatosha chakula, mavazi, makaazi na matibabu. Ama ndugu, kumsomesha dada au kumchangia kaka harusi ni kuunga udugu na ni sadaka yenye thawabu kubwa, lakini kwa madhhebu yetu si nafaka ya wajibu. Anayesema "mwezi huu sina" kwa mchango wa harusi hana dhambi. Anayesema hivyo kwa mke wake ilhali ananunua bati amekosea, kwa sababu jengo haliwezi kutangulia mbele ya wajibu.

Tukirudi kwenye mfano wetu, tuseme mke na watoto wanahitaji riyali 55, wazee 30, na kijana amependa kumsaidia dada yake kwa 5. Zinabaki 30. Hizo ndizo anazoweza kuziwekea mali kwa amani ya moyo. Kwa miaka mitano ni riyali 1,800. Si pesa ya kubeza, na ndiyo itakayogombaniwa.

Baba ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Ardhi yake ni ya warithi wote. Mjane anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiigawa ardhi ile mafungu 48, mama ana 6, kila mtoto wa kiume 14, na kila mtoto wa kike 7. Kijana wa Maskati, aliyedhani anajenga "kwake", ana mafungu 14 tu ya ardhi iliyobeba nyumba yake.

Je, jengo? Hapa ndipo kukosekana kwa jina kunapoumiza. Nyumba imesimama kwenye ardhi ya baba, na asili ni kuwa kilicho mkononi mwa mtu ni chake. Anayedai kinyume cha asili ndiye anayetakiwa alete ushahidi. Warithi wengine wakisema "alikuwa akimsaidia mzee kujenga", maneno yao yana nguvu, kwa sababu zile pesa zilifika pamoja na za mchele na za dawa, na hakuna aliyeambiwa hii ni ya nini. Zawadi ikishapokelewa, mtoto hana ruhusa ya kuirejesha kutoka kwa mzazi wake. Ikithibiti kuwa aliitoa kwa baba, basi jengo nalo linaingia kwenye mirathi.

Ikithibiti kuwa jengo ni lake na baba alimruhusu tu kutumia ardhi, hukumu inabadilika. Ruhusa ile ni ariya, yaani kuazimwa, na ariya hukatika kwa kufa mwenye mali. Warithi hawawezi kumbomolea bure. Wanaweza kumuachia kwa kodi ya ardhi, au kumlipa thamani ya jengo, au kumtaka aondoe na wao wamlipe kilichopungua. Hakuna njia nyepesi kati ya hizo kwa ndugu wa tumbo moja.

Baadhi ya wazee hutoa hoja ya Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ya kuwa mtoto na mali yake ni vya baba yake. Wanavyuoni wengi wameifahamu kuwa ni juu ya wema na haki ya mzazi muhitaji kula katika mali ya mwanawe, wala si kuwa baba ndiye mmiliki. Dalili yao iko wazi: mtoto akifa akaacha watoto wa kiume, Qur-ani imempa baba sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Lau mali yote ingekuwa ni yake tangu mwanzo, kusingekuwa na cha kumrithisha.

Basi afanyeje yule ambaye bado yuko kazini? Kwanza, azitenganishe pesa tangu zinapotoka. Riyali 55 ziende moja kwa moja kwa mke, 30 kwa mama au baba, na zile 30 za jengo zitumwe peke yake, siku yake na kwa maneno yake. Gharama ya kutuma mara tatu ni ndogo kuliko gharama ya kesi.

Pili, kaka anayesimamia ajulikane kuwa ni wakili. Uwakala una asili katika Sunna: Mtume (S.A.W.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari amnunulie mbuzi mmoja. Urwa akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yote. Imo katika Sahihi Bukhari. Faida haikuwa ya wakili, ilirudi kwa mwenye mali. Wakili ni muaminifu: saruji ikiharibika bila ya uzembe wake halipi, lakini akiigeuza pesa ya matofali kuwa ya mahari, hata kwa nia ya kurudisha, amevuka mipaka na inakuwa dhima juu yake. Akitaka ujira kwa kazi yake ni haki yake, ila wakubaliane mwanzo na si baada ya kuezeka.

Tatu, waandike. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha kuandika deni na kushuhudisha, na wanavyuoni wamechukua humo adabu ya miamala yote yenye kucheleweshwa. Maandishi yenyewe hayahitaji kuwa marefu. Yanatosha maneno kama haya: "Mimi fulani ninamtumia kaka yangu fulani riyali 30 kila mwezi kwa ajili ya kujenga nyumba yangu. Yeye ni wakili wangu. Ardhi ni ya baba, na amenipa kiwanja hiki chenye mipaka hii." Watie saini wao watatu na mashahidi wawili, na nakala abaki nayo kila mmoja. Kila pesa inapotumika, kaka apige picha ya risiti na kuituma.

Nne, jambo la ardhi limalizwe baba akiwa hai na mzima wa afya. Anaweza kumuuzia mwanawe kiwanja, au kumpa zawadi na kumkabidhi. Akimpa, akumbuke Hadithi ya Nuuman bin Bashir iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambapo Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja bila ya wenzake. Basi awape na wengine, au watoto waridhiane. Kisha wende kwa sheha na Kamisheni ya Ardhi, kwani Zanzibar ardhi ni ya Serikali na mtu anamiliki haki ya kuitumia. Mashamba ya eka tatu yaliyogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 yana masharti yake, hivyo waulize kabla ya kuchimba msingi.

Kumbusho moja ambalo wengi hulisahau: pesa ya jengo inayongojea benki au kwa kaka bado ni pesa. Ikifika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ukapita mwaka wa Hijria, ina Zaka ya asilimia 2.5, japo nia ni kununua bati. Ikishageuka tofali na ukuta wa nyumba ya kuishi, haina Zaka.

Na si lazima mali ya kudumu na matumizi ya wazee vigombane. Kijana wetu angeweza kuanza na vyumba viwili vya kupangisha, akaandika kuwa jengo ni lake na kodi ni ya wazee muda wa uhai wao. Hilo linafaa kisharia, kwa sababu mtu anaweza kutoa manfaa akabaki na asili ya mali. Siku mkataba wa Maskati utakapokatika, mama ataendelea kupata dawa zake.

Ama wale ambao tayari wameshafikwa na msiba na nyumba iko kwenye lenta, wasianze kugawa wala kubomoa. Wakusanye kila ujumbe wa simu na kila risiti, wamsikilize kaka aliyesimamia kwa kiapo chake, na wasuluhiane, kwani suluhu baina ya warithi ni halali maadamu kila mmoja ameridhia haki yake kwa kujua. Ikishindikana, waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa Kadhi wa wilaya yao.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.