GB 8 Zinapojaa: Kwa Nini Runinga Hugoma Kupokea Programu

Maboksi mengi ya Android TV, pamoja na runinga nyingi janja za bei ya kati, hutoka kiwandani na hifadhi ya ndani ya GB 8. Namba hiyo ndiyo huandikwa kwenye katoni, lakini mnunuzi hapati zote. Mfumo wenyewe wa Android hukaa katika sehemu yake iliyofungwa, na vifaa vingi hutenga nafasi nyingine ili toleo jipya la mfumo liweze kuandikwa pembeni wakati la zamani linaendelea kufanya kazi. Chromecast with Google TV iliyotoka mwaka 2020 ni mfano unaojulikana: kati ya GB 8 zake, zilizobaki kwa ajili ya programu za mtumiaji zilikuwa kama GB 4.4. Simu ya mkononi ya bei nafuu siku hizi ina nafasi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa, na ndiyo maana tatizo ambalo watu wameshalisahau kwenye simu bado linawasumbua sebuleni.

Hata hizo GB 4.4 haziwezi kujazwa mpaka ukingoni. Android hujiwekea akiba ya dharura ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya sehemu ya mtumiaji, na isiyozidi MB 500. Kwa kifaa cha GB 4.4, hiyo ni kama MB 220. Nafasi iliyobaki ikikaribia kiwango hicho, onyo la hifadhi kujaa huanza kujitokeza na usakinishaji wa programu mpya hukataliwa, ingawa ukurasa wa hifadhi bado unaonyesha kwamba kuna nafasi. Hapo ndipo watu wengi huona kwamba runinga inawadanganya.

Jambo la pili linalochanganya ni ukubwa wa programu unaoonyeshwa dukani. Programu ya MB 120 haihitaji MB 120. Kifurushi chake kwanza hupakuliwa na kuwekwa mahali pa muda, kisha sehemu zake nyingine zinaweza kufunguliwa, halafu mfumo huiandaa ili iende kasi na kuhifadhi mafaili ya maandalizi hayo. Ikiwa ni sasisho, toleo la zamani halifutwi mpaka jipya likamilike, kwa hiyo kwa muda mfupi programu moja hukaa ndani mara mbili. Kipimo salama ni kuwa na nafasi isiyopungua mara mbili ya ukubwa ulioandikwa, juu ya ile akiba ya dharura.

Tuseme boksi la aina hiyo limebakiwa na MB 350, na mwenye nyumba anataka programu ya MB 120. Kwa hesabu ya haraka nafasi ipo tele. Lakini ukiondoa MB 220 za dharura zinabaki MB 130, na kazi ya kusakinisha inaweza kuhitaji MB 240 au zaidi. Upakuaji unafika mwisho, mstari unajaa, halafu ujumbe unatokea kwamba programu haikuweza kusakinishwa. Bando limeliwa bure. Akibonyeza tena, linaweza kuliwa mara ya pili.

Hatua ya kwanza ni kuangalia ni nani anakula nafasi. Kwa rimoti, mtu huingia Settings, kisha System (kwenye vifaa vingine huitwa Device Preferences), halafu Storage na Internal shared storage. Ili kuona programu mojamoja, hurudi Settings, akaingia Apps, See all apps, na kuchagua programu anayoitaka. Ukurasa wa programu una mistari miwili inayofanana kwa jina na kutofautiana sana kwa matokeo: Clear data na Clear cache, kila mmoja na idadi ya MB chini yake.

Clear cache, ambayo kwenye menyu ya Kiswahili huandikwa Futa akiba, huondoa vitu ambavyo programu inaweza kuvitafuta upya: picha za filamu zinazopangwa kwenye ukurasa wa mwanzo, vipande vya video za utangulizi na mafaili mengine ya kupita. Akaunti haiguswi, wala mapendeleo. Hasara yake ni kwamba mara inayofuata ukurasa wa mwanzo utachelewa kidogo kufunguka na picha zilezile zitapakuliwa tena kwa intaneti ya nyumbani. Clear data ni habari nyingine kabisa. Hiyo huirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza: akaunti imetoka, neno la siri linatakiwa tena, na chochote kilichohifadhiwa ndani kimekwenda. Kwa mtu ambaye neno la siri la huduma ya filamu liliwekwa na mtoto wake aliye safarini, kosa la mstari mmoja linaweza kumaliza jioni nzima.

Kwenye boksi la mfano wetu, akiba ya YouTube ni MB 90, ya huduma ya filamu MB 60, na za programu nyingine ndogo zote pamoja MB 40. Zikifutwa, nafasi inapanda kutoka MB 350 hadi 540. Ukiondoa zile MB 220 zinabaki 320, na sasa programu ya MB 120 inaingia. Kazi imefanyika, lakini si kwa muda mrefu. Programu zilezile zitaijaza akiba yao upya kadiri zinavyotumiwa, na baada ya siku chache kifaa kitarudi palepale, tena sasa kikiwa na programu moja zaidi ya kubeba.

Kuanzia Android 8, mfumo wenyewe huipa kila programu mgawo wa akiba, na nafasi inapohitajika huanza kufuta akiba za wale waliozidisha mgawo wao. Kwa maneno mengine, sehemu ya kazi ambayo mtumiaji anaifanya kwa rimoti tayari hufanywa kimyakimya. Programu za kusafisha zinazojitangaza dukani hazina la kuongeza hapa: tangu Android 6, programu ya kawaida hairuhusiwi kufuta akiba za wenzake. Kinachobaki kwao ni kuchukua nafasi na kuonyesha matangazo.

Nafasi ya kudumu hupatikana kwingine, na mara nyingi ni kwenye programu zilizokuja na runinga. Programu ya kiwandani imo ndani ya sehemu iliyofungwa ya mfumo, kwa hiyo haiwezi kufutwa. Lakini inaposasishwa, toleo jipya haliandikwi pale. Huandikwa kwenye sehemu ya mtumiaji, na la zamani hubaki lilipo. Baada ya miaka miwili au mitatu, huduma ya muziki ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuifungua inaweza kuwa imechukua MB 200 kwa sababu ya masasisho ya moja kwa moja. Ukurasa wake una Uninstall updates, inayoliondoa toleo jipya, na Disable, inayoizima programu ili isisasishwe tena. Zote mbili zinahitajika. Anayeondoa masasisho bila kuizima programu atayakuta yamerudi. Huduma za msingi za Google Play hazifai kuguswa kwa namna hii, kwa kuwa programu nyingine nyingi huzitegemea.

Kwenye boksi letu, programu mbili za namna hiyo zikizimwa zinaweza kurudisha MB 350 ambazo hazitajaa tena baada ya siku chache. Hiyo ni faida kubwa kuliko akiba zote zilizofutwa, na inabaki.

Zipo pia programu ambazo Clear cache haizisumbui hata kidogo. Kodi ni mfano mzuri. Picha za filamu na za waigizaji huzihifadhi ndani ya folda yake yenyewe iitwayo Thumbnails, ambayo kwa mfumo ni data, si akiba. Mtu anaweza kukuta Kodi imefika GB 1 huku mstari wa Clear cache ukionyesha MB chache tu. Dawa ni kuifungua folda hiyo kwa programu ya kusimamia mafaili na kufuta picha. Kodi itazitengeneza upya taratibu. Kubonyeza Clear data kungefuta na mipangilio yote. Mafaili ya APK yaliyoletwa kwa flashi au kupakuliwa kutoka mtandaoni nayo hubaki kwenye folda ya Download baada ya programu kusakinishwa, yakikaa bure.

Flashi ya USB inaweza kuongeza nafasi, ila kwenye vifaa vinavyoruhusu tu. Flashi hufutwa yote, huandaliwa kama hifadhi ya ndani na kufungwa kwa ufunguo wa kifaa hicho, hivyo haisomeki kwenye kompyuta wala boksi jingine. Ikichomolewa, programu zilizohamishiwa huko hazifunguki mpaka irudishwe, na zipo programu ambazo watengenezaji wake hawaruhusu zihamishwe. Flashi ya polepole huifanya runinga nzima ionekane imechoka.

Si kila usakinishaji unaofeli unatokana na nafasi. Dalili ya nafasi ni kwamba upakuaji huanza, au hata kumalizika, kisha ujumbe hutaja hifadhi. Ikiwa duka lenyewe halifunguki, au kila kitu kimekwama kwenye Pending, kwanza iangaliwe tarehe. Maboksi mengi ya bei nafuu hayana betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi kabla ya intaneti, boksi linaweza kuamka likiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na vyeti vya usalama vya mtandao hukataliwa vyote. Tarehe ikiwa sahihi, hatua inayofuata ni Clear cache na Clear data za Google Play Store, kisha kuwasha kifaa upya. Akaunti ya Google haipotei kwa kufanya hivyo, kwa sababu haihifadhiwi ndani ya duka.

Kwa anayetaka kujua ukweli wa namba za kifaa chake, kompyuta yenye zana ya ADB inatosha. Baada ya kuruhusu hali ya msanidi kwa kubonyeza mara saba mstari wa Build kwenye ukurasa wa About, kuwasha USB debugging na kuunganisha kompyuta na boksi, amri ya kwanza hapa chini huonyesha nafasi ya sehemu ya mtumiaji, na ya pili huuambia mfumo ufute akiba za programu zote kwa mkupuo:

```
adb shell df -h /data
adb shell pm trim-caches 999G
```

Amri ya kwanza ina matumizi mengine. Masokoni yapo maboksi yasiyo na chapa inayojulikana, yaliyoandikwa GB 64 au 128, ambayo ndani yana GB 8 au 16. Menyu ya mipangilio imechezewa ili ionyeshe namba ya kwenye katoni, na wakati mwingine hata mfumo wa chini umechezewa. Kipimo kisichochezewa ni kunakili mafaili makubwa ya video kutoka kwenye flashi mpaka boksi ligome, kisha kufungua yaliyoingia na kuona kama yanacheza hadi mwisho.