Mizani ya Leba na Sigara ya Mama

Mwaka 1971 mtakwimu Jacob Yerushalmy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa matokeo yaliyowaacha madaktari wakikuna vichwa. Alikuwa amefuatilia maelfu ya wajawazito wa eneo la Oakland, akiwauliza kama wanavuta sigara, kisha akaangalia watoto wao walizaliwa na uzito gani na wangapi walifariki wakiwa wachanga. Wavutaji walizaa watoto wadogo zaidi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Lakini alipowachukua watoto waliozaliwa chini ya gramu 2,500 peke yao, waliokuwa wanakufa kwa wingi ni wale wa mama wasiovuta. Wa mama wavutaji walikufa kwa kiwango cha karibu nusu.

Je, sigara ilikuwa inamkinga mtoto mdogo? Yerushalmy hakufika mbali hivyo, ila aliyatumia matokeo hayo kutia shaka kwamba sigara ndiyo inayosababisha madhara. Na takwimu zake hazikuwa za kubuni. Jambo lilelile lilijitokeza tena katika kumbukumbu za watoto karibu milioni 3 waliozaliwa Marekani mwaka 1991, zilizochambuliwa na Sonia Hernández-Díaz, Enrique Schisterman na Miguel Hernán katika makala yao ya mwaka 2006. Kwa jumla, watoto wa wavutaji walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 55. Uzito wa kuzaliwa ulipoingizwa kwenye hesabu, ziada hiyo ilishuka hadi asilimia 5. Na kwa watoto wa chini ya gramu 2,500 peke yao, watoto wa wavutaji walionekana kuwa na vifo pungufu kwa asilimia 21.

Takwimu ni zilezile, majibu matatu. Tofauti yote imeletwa na namna mchambuzi alivyoutumia uzito.

Tuanze na lile jibu la pili. Mchambuzi anaposawazisha kwa uzito, anawalinganisha watoto wenye uzito sawa: wa gramu 2,300 kwa wa gramu 2,300, wa kilo 3 kwa wa kilo 3. Kwa mambo kama umri wa mama au hali ya kipato, hiyo ni kazi njema, kwa sababu mambo hayo yalikuwapo kabla ya sigara na yanaweza kugusa uvutaji na kifo pia. Asipoyasawazisha, ataibebesha sigara mzigo wa umaskini. Uzito wa kuzaliwa hauko hivyo. Umekuja baada ya sigara, na kwa sehemu ni sigara yenyewe iliyouleta. Tuuite kiungo cha kati: sigara inadumaza mtoto tumboni, na udogo huo unaweza kuchangia kifo. Mchambuzi akishaushika uzito usibadilike, amekata mojawapo ya njia ambazo sigara hupitia kufanya madhara yake, halafu anashangaa kwamba madhara yamepungua. Ni sawa na kupima hasara ya mafuriko kwa kulinganisha tu nyumba ambazo maji yaliingia kwa kina kimoja.

Hilo linaeleza kwa nini makadirio yanapungua, lakini halielezi kwa nini yanageuka. Kukata njia ya madhara peke yake hakuwezi kuifanya sigara ionekane dawa. Hapo kuna jambo la pili, nalo ndilo linalowaponyoka hata wachambuzi wazoefu.

Mtoto hazaliwi mdogo kwa sababu moja. Wengine wamedumazwa na sigara. Wengine wana kasoro nzito za kimaumbile, ambazo humpunguza uzito na kumuua pia. Kwa hiyo uzito mdogo ni njia panda: mshale mmoja unatoka kwenye sigara, mwingine unatoka kwenye kasoro, na yote miwili inakutana pale kwenye mizani ya leba.

Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu zake zikiwa za kubuni. Chukua mama 10,000 wasiovuta na mama 10,000 wanaovuta. Kila upande una watoto 200 wenye kasoro, na wote hao huzaliwa wadogo. Kwa wasiovuta, watoto wengine 300 wazima huzaliwa wadogo. Kwa wavutaji, sigara inaifanya idadi hiyo kuwa 1,300. Sasa tuipe sigara ubaya wake waziwazi: mwenye kasoro hufa kwa asilimia 40 ikiwa mama havuti, asilimia 50 akivuta, na mzima hufa kwa asilimia 1 mama asipovuta, asilimia 2 akivuta. Hakuna mtoto hata mmoja ambaye sigara inamfaa.

Upande wa wasiovuta, watoto wadogo ni 500. Kati yao wanakufa 80 wenye kasoro na 3 wazima, jumla 83, yaani 166 kwa kila 1,000. Upande wa wavutaji, wadogo ni 1,500. Wanakufa 100 wenye kasoro na 26 wazima, jumla 126, yaani 84 kwa kila 1,000. Nusu! Lakini ukihesabu watoto wote, vifo ni 178 kwa wasiovuta na 296 kwa wavutaji.

Hakuna kiinimacho. Mtoto mdogo wa mama asiyevuta amekuwa mdogo kwa sababu nyingine, na katika mfano wetu 200 kati ya 500 wana kasoro ya kuua. Mtoto mdogo wa mama mvutaji mara nyingi ni mzima aliyepunguzwa na moshi, na wenye kasoro ni 200 kati ya 1,500. Kabla ya kuwachambua kwa uzito, sigara na kasoro hazikuhusiana hata kidogo. Mchambuzi ndiye aliyezihusisha, alipofunga mlango na kubaki na wadogo tu.

Kufunga mlango huko si lazima kufanywe kwenye kompyuta. Mtafiti anayechukua takwimu zake kwenye wodi inayolaza watoto waliozaliwa wadogo tayari amekaa kwenye njia panda. Kwa Afrika Mashariki hili si la mbali: malaria kwa mjamzito hupunguza uzito wa mtoto, kwa hiyo utafiti wa malaria uliofanywa ndani ya wodi ya aina hiyo unaweza kuionyesha malaria kama rafiki, kwa sababu ileile iliyoipamba sigara.

Anayeandika sura ya mbinu basi ana swali la kujibu kwa kila kitu anachotaka kusawazisha: kilitokea kabla au baada? Umri wa mama, urefu wake, elimu na idadi ya mimba zilizotangulia viko kabla, na vinaweza kutetewa. Uzito wa kuzaliwa na wiki za mimba wakati wa kujifungua viko baada. Hivyo haviingii ikiwa swali ni madhara yote ya sigara. Akitaka kujua madhara yasiyopitia kwenye uzito, lazima awe amepima pia vyanzo vinavyogusa uzito na kifo kwa pamoja, kasoro zikiwa mojawapo, na rejista nyingi za uzazi hazina taarifa za kutosha kuhusu hizo.

Msomaji wa ripoti naye ana pa kuangalia. Kama jedwali linaonyesha madhara yanayoyeyuka au kugeuka mara tu kitu fulani kinapoingizwa, arudi kwenye sura ya mbinu atafute kitu hicho kilipimwa lini. Kama kilipimwa baada ya kisababishi kuanza kazi, na mwandishi hakueleza kwa nini amekiingiza, asiiamini safu hiyo ya jedwali.