Kikao cha Kila Jumatatu Kinapomaliza Kazi Yake

Wafanyakazi wa Shopify, kampuni ya Kanada yenye mfumo wa maduka ya mtandaoni, waliuanza mwaka 2023 kwa taarifa ya kushangaza: vikao vyote vya kujirudia vyenye watu watatu au zaidi vinafutwa kwenye kalenda zao. Aliyetaka kurudisha chake alitakiwa kwanza asubiri wiki mbili. Dropbox ya Marekani ilikuwa imefanya jambo kama hilo mwaka 2013.

Ofisi nyingi hazihitaji kufika huko. Inatosha aliyeitisha kikao akubali kwamba kazi imekwisha.

Chukua mfano wa ofisi iliyoanzisha kikao cha nusu saa kila Jumatatu, saa tatu asubuhi, ili watu wanane wasimamie uhamishaji wa mishahara kwenye mfumo mpya. Mfumo umeshakaa sawa, mishahara inatoka kwa wakati, lakini mwaliko bado unajirudia. Dalili zinaonekana: ajenda ni ile ile ya wiki iliyopita, kila anayeulizwa anajibu "sina jipya", na wawili watatu wamezima kamera wanajibu barua pepe. Nusu saa ya watu wanane ni saa nne za kazi kila wiki; kwa mwaka zinapita mia mbili.

Kufuta nako kuna namna yake. Mwalikwa akifuta, kikao kinaondoka kwenye kalenda yake peke yake. Wengine wataendelea kuitwa. Afute aliyeitisha. Kwenye Google Calendar, achague `This and following events`, si `All events`, kwa sababu hilo la pili huondoa hata vikao vilivyopita, na kumbukumbu zilizoambatishwa humo huwa vigumu kuzipata. Kisha akubali kalenda iwatumie waalikwa taarifa, la sivyo mtu atakuja kukaa peke yake chumbani Jumatatu.

Taarifa hiyo ya mashine haitoshi. Watu waliotoa asubuhi zao kwa miezi wanastahili kuambiwa kilichopatikana, na shukrani itaje kazi yenyewe:

"Ndugu wenzangu, kikao chetu cha Jumatatu kinakoma wiki hii. Tulikutana ili mishahara ihamie mfumo mpya, na imehama. Asanteni nyote mliohudhuria, hasa wenzetu wa uhasibu waliogundua makato yaliyokuwa yakikatwa mara mbili. Kukitokea hitilafu, mwandikieni msimamizi wa mishahara. Kumbukumbu zote zimebaki kwenye folda yetu."

Hiyo sentensi ya msimamizi isiachwe. Vikao vingi vilivyofutwa hufufuka kwa sababu swali la kwanza lililozuka halikuwa na pa kupelekwa, mtu akaona njia rahisi ni kuwaita tena wote wanane. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta, mwitishaji azungumze na huyo atakayepokea maswali, na apate kauli yake kwamba amekubali.