Shela Moja, Rangi Mbili

Mama wa bi harusi aliitazama video ya harusi ya binti yake kwa dakika tatu hivi, kisha akaniomba nirudishe nyuma. "Mwanangu, mbona hapa mmenifanya mgonjwa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye picha ya kamera kubwa alisimama mlangoni mwa ukumbi, uso wake wa maji ya kunde umenawiri. Sekunde moja baadaye ikaingia picha ya simu kutoka upande wa pili, na mama yule yule, ndani ya kitenge kile kile, akawa na uso wa kijivu kama mtu aliyetoka wodini jana. Shela la bintiye nalo lilikuwa na weupe wa maziwa kwenye kamera, na weupe wa barafu kwenye simu.

Wengi hudhani simu ndiyo mbovu. Si lazima iwe hivyo. Mwanga una rangi, ila macho yetu huizoea upesi na hatuioni tena. Mafundi huipima rangi hiyo kwa Kelvini: balbu ya zamani ya waya ina kama 2800, jua la mchana lipo karibu na 5600, na kivulini siku ya jua inaweza kupita 7000. Kamera huambiwa ihesabu kipimo gani kuwa mweupe. Yangu niliipanga 4000 mapema jioni na sikuigusa tena. Simu alikuwa nayo binamu yake bi harusi, na ilikuwa inajipangia yenyewe. Kila ilipogeuzwa kuelekea mapazia ya dhahabu nyuma ya jukwaa, ilidhani umanjano ule umetoka kwenye taa, ikaongeza ubuluu ili kuufuta. Mapazia yakapona, mama akaugua.

Kuna kosa jingine linalotangulia hata hilo. Simu za aina ya iPhone kuanzia toleo la 12 hurekodi video za HDR zisipozuiwa, yaani picha yenye mwanga na rangi pana kuliko video ya kawaida. Ukiitupa klipu hiyo kando ya ya kamera bila kuiambia programu ni ya aina gani, itatoka imeungua au imepauka, nawe utazungusha vitufe mpaka alfajiri. Kwenye DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii, niliwasha usimamizi wa rangi wa mradi, nikabonyeza klipu ya simu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na kwenye Input Color Space nikachagua Rec.2100 HLG. Uso wa kijivu haukuondoka, lakini sasa angalau picha zote mbili zilizungumza lugha moja.

Kinachofuata ni kuchagua nani amfuate nani. Kamera ndiyo iliyokuwa na saa nyingi na mpangilio usiobadilika, kwa hiyo ikawa kiongozi. Nilisimamisha picha yake mama akiwa karibu na bi harusi, nikaihifadhi, nikaiweka nusu ya skrini. Nusu ya pili nikaweka picha ya simu ya dakika hiyo hiyo. Dakika hiyo hiyo ni muhimu: ukilinganisha uso wa mlangoni na uso wa jukwaani, unalinganisha taa, si kamera.

Halafu macho niliyaweka pembeni kidogo, nikafungua kipimo kinachoitwa Parade. Hiki huonyesha nyekundu, kijani na buluu zikiwa minara mitatu, chini ni 0 na juu kabisa ni 1023. Nilitazama sehemu ya shela tu. Kwenye kamera nyekundu ilifika 800, kijani 780, buluu 720, yaani weupe wenye joto kidogo. Kwenye simu nyekundu ilikuwa 700, kijani 740, buluu 840. Ugonjwa wa mama ulikuwa umeandikwa pale kwa tarakimu.

Wanaoanza hukimbilia kupunguza buluu. Mimi huanza na mwanga, kwa sababu picha yenye giza huonekana na rangi nyingine hata kama rangi zake ni sahihi. Nilipandisha Gain ya jumla mpaka kijani cha simu kikafika 780. Nyekundu na buluu zilipanda pamoja nacho, zikawa kama 738 na 885. Hapo ndipo nikaipandisha nyekundu peke yake hadi 800 na kuishusha buluu hadi 720. Angalia kwamba sikuzisawazisha zote tatu. Lengo halikuwa shela jeupe kabisa, lilikuwa shela la kamera kiongozi.

Suti nyeusi ya bwana harusi ikanionyesha kilichobaki. Chini kabisa ya kipimo, buluu ya simu ilikuwa imeinuka juu ya wenzake, na ndiyo maana suti ilikuwa na wingu la samawati. Hiyo hurekebishwa kwa Lift, inayogusa zaidi sehemu zenye giza. Ukiigusa, shela nalo husogea kidogo, kwa hiyo nilikwenda juu na chini mara mbili tatu mpaka vyote viwili vikatulia.

Hakimu wa mwisho ni uso. Kipimo cha duara, Vectorscope, kina mstari unaoweza kuuwasha, na ngozi ya mtu yeyote, awe mweusi tii, wa maji ya kunde au mzungu, huangukia karibu na mstari huo. Tofauti zetu ziko zaidi kwenye mwanga na ukolevu kuliko kwenye rangi yenyewe. Nilikata picha ibaki shavu la mama tu. Doa la simu likakaa upande wa kijani wa mstari. Kisogezo kidogo cha nyekundu kikalirudisha.

Kitenge hakikukubali. Zambarau yake kwenye simu iliendelea kuwa karibu na buluu, hata baada ya shela, suti na shavu kulingana. Vichujio vya rangi vilivyo mbele ya kihisio cha kamera si vile vya simu, na chini ya taa za LED vitambaa vya rangi kali hutenganishwa navyo kwa namna tofauti. Ningeweza kuichagua zambarau hiyo peke yake na kuisogeza, lakini waridi la mapambo lilianza kusogea nayo. Nikaiacha. Mtazamaji hufuata nyuso.

Klipu zilizobadilika rangi katikati, simu ilipopita mapaziani, nilizikata pale zinapogeuka, kila kipande nikakipa tiba yake. Palipogeuka polepole mno nikatumia picha ya kamera.

Sasa kabla ya harusi huwa naomba mambo mawili. HDR izimwe na weupe ufungwe kwenye simu, na vifaa vyote virekodi kadi ya kijivu kwa sekunde tano chini ya taa za ukumbini. Karatasi nyeupe hufaa ukikosa kadi, ingawa karatasi nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha inayozifanya ziwe na ubuluu kidogo juani. Taa zikibadilishwa, kadi irudiwe.

Kadi hiyo haisaidii muziki unapoanza na fundi wa taa akawasha zambarau. Buluu hugonga 1023, kijani hubaki sifuri, na rangi ya uso isiyorekodiwa hairudishwi na kitufe chochote. Dakika nne za dansi za harusi ile bado zina zambarau yake.