Robo Sekunde Inayogandisha Seva Nzima

Malalamiko huja hivi: saa mbili asubuhi wafanyakazi wengi wanaingia kwenye mfumo kwa pamoja, na mteja aliyekuwa anaangalia orodha ya bei tu anaona ukurasa wake umeganda. Sekunde chache baadaye mambo yanarudi sawa. Kumbukumbu za seva hazionyeshi kosa lolote, hifadhidata imetulia, mtandao hauna shida. Ikiwa seva hiyo imeandikwa kwa Node, mimi ningeanza kwa kutafuta ndani ya programu jina lolote linaloishia na `Sync`.

Node ilitolewa na Ryan Dahl mwaka 2009, akitumia V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome. Seva nyingi za wakati huo zilimpa kila mteja uzi wake wa utekelezaji, na nyuzi hizo zilikula kumbukumbu huku muda mwingi zikingoja tu diski au hifadhidata ijibu. Node ikaamua JavaScript yote iende kwa uzi mmoja. Ni kama mama lishe aliye peke yake kibandani: wali ukiwa jikoni hausimamii, anapokea oda ya mwingine, na sufuria ikiwa tayari anairudia. Kwa namna hiyo mtu mmoja huhudumia wengi. Lakini akiketi kwenye mbuzi kukuna nazi mwenyewe, mikono imeshikika, na foleni yote inasubiri, hata aliyetaka maji tu.

Nazi hiyo mara nyingi ni nywila. Seva makini haihifadhi nywila yenyewe. Huichanganya na herufi za nasibu ziitwazo chumvi, kisha huisaga kwa hesabu maelfu kwa maelfu ya mara ili mwizi wa hifadhidata akikisia apoteze muda. Kwa njia ya PBKDF2 yenye SHA-256, OWASP hupendekeza mizunguko 600,000. Uzito huo umewekwa kwa makusudi, kwa hiyo kuupunguza si dawa. Tatizo ni mahali unapobebwa:

```js
const alama = crypto.pbkdf2Sync(nywila, chumvi, 600000, 32, 'sha256');
```

Tuseme kwenye mashine yetu mstari huu unachukua robo sekunde. Mwandishi wa programu akijaribu peke yake hasikii kitu. Wakija watu 20 kwa mkupuo, hesabu zinapangwa moja nyuma ya nyingine, na wa mwisho anapata jibu baada ya sekunde 5. Aliyeomba orodha ya bei nyuma yao anangoja sekunde hizo zote, ingawa kazi yake ni ya kufumba na kufumbua. Mbaya zaidi, kisawazisha mzigo kinachoiuliza seva kila mara kama iko hai nacho hakijibiwi, na kinaweza kuiondoa seva nzima kwenye huduma.

Wengi hukimbilia kuandika `async` juu ya kitendakazi wakidhani wamemaliza. Neno hilo halihamishi kazi popote. `pbkdf2Sync` ndani yake bado inaushika uzi uleule. Dawa ni kuita toleo lisilo na Sync:

```js
const pbkdf2 = util.promisify(crypto.pbkdf2);
const alama = await pbkdf2(nywila, chumvi, 600000, 32, 'sha256');
```

Sasa hesabu inapelekwa kwenye nyuzi za akiba, ambazo kwa kawaida ni 4. Kwenye mashine yenye viini vya kutosha, wale 20 wanakwenda wanne wanne, na wa mwisho anajibiwa baada ya sekunde 1.25 hivi. Faida kubwa zaidi ni kwamba orodha ya bei haikwami tena. Hata hivyo nyuzi hizo nne ndizo pia husoma mafaili na kutafuta anwani kwa `dns.lookup`, kwa hiyo wimbi la nywila bado linaweza kuchelewesha usomaji wa faili. Idadi yake huongezwa kwa `UV_THREADPOOL_SIZE`, lakini kuzizidisha kuliko viini vya mashine hakuiharakishi hesabu.

Dalili ya ugonjwa huu ni kiini kimoja cha mashine kufanya kazi kwa asilimia 100 huku vingine vimelala, na ukurasa mwepesi kabisa kuchelewa sawa na mzito. Ukiwasha seva kwa `node --trace-sync-io`, itakuonyesha mstari ulioita Sync baada ya programu kuanza kuzunguka. Sync kabla ya hapo, kama kusoma faili la mipangilio kwa `readFileSync` seva ikiwa bado haijapokea mtu, haina ubaya. Sioni sababu ya kuifukuza.

Chombo hicho hakioni kila kitu. `JSON.parse` ya maandishi ya megabaiti nyingi huushika uzi vilevile, na haina Sync kwenye jina lake wala toleo jingine la kuita. Hapo hutumika `monitorEventLoopDelay` kupima uzi unachelewa kiasi gani kurudi kwenye foleni, kisha ama unakataa mizigo mikubwa mlangoni, ama kazi unaipeleka kwenye `worker_threads`.