Kwa Nini Tarehe ya Kuzaliwa Inarudi Nyuma Siku Moja

Wakimbizi wengi waliokulia kambini hawana cheti cha kuzaliwa. Karani aliyewaandikisha, pale alipoambiwa mwaka tu, aliwaandikia 1 Januari. Ndiyo maana katika familia ya Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakahamia Marekani, unaweza kumkuta baba, mama na watoto wote wamezaliwa siku moja ya mwaka. Huenda tarehe hiyo si ya kweli, lakini ndiyo iliyo kwenye kitambulisho, kwenye faili la shule na kwenye maombi ya uraia, na kila karatasi mpya lazima ilingane nayo.

Sasa tuseme kijana wa familia hiyo anaishi Des Moines, jimbo la Iowa, na anafungua tovuti ya mafunzo iliyotengenezwa Dar es Salaam. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 2007. Tovuti inamwonyesha 31 Desemba 2006. Anaandika kulalamika. Mhudumu aliyeko Dar anafungua rekodi ile ile, anaona 1 Januari 2007, na anamjibu kwamba huku kila kitu kiko sawa. Kila mmoja anasema anachokiona, na hakuna aliyekosea kuchapa. Katika hifadhidata tarehe imekaa vilevile ilivyoingizwa. Imepinda wakati wa kusomwa, ndani ya kivinjari cha kijana.

Ili kuona ilivyopinda, yabidi kujua namna lugha ya JavaScript, inayoendesha karibu kila ukurasa wa mtandao, inavyoielewa tarehe. Kwetu sisi tarehe ya kuzaliwa ni mraba mmoja kwenye kalenda ya ukutani. Haina saa, wala haibadiliki mwenyewe akipanda ndege. JavaScript, kwa miaka yake mingi, haikuwa na chombo cha kubebea kitu kama hicho. Chombo chake, kiitwacho `Date`, hubeba nukta moja ya wakati: idadi ya milisekunde tangu kuanza kwa mwaka 1970 kwa saa ya UTC, ile saa ya pamoja ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Ukiipa tarehe tupu, ni lazima iitafutie saa na mahali, ndipo iweze kuifanya nukta.

Mwandishi wa programu anaandika hivi:

```
new Date("2007-01-01").toLocaleDateString()
```

Sehemu ya kwanza ya mstari huu inasoma maandishi na kuamua kwamba yanamaanisha saa sita usiku, 1 Januari 2007, kwa saa ya UTC. Nukta hiyo ni 1167609600000, na ni ile ile duniani kote. Sehemu ya pili inaigeuza nukta hiyo iwe tarehe ya kusomeka, lakini sasa kwa saa ya mahali alipo mtumiaji. Dar es Salaam iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo wakati ule hapa palikuwa saa tisa usiku, na siku ilikuwa imeshaingia 1 Januari. Des Moines, majira ya baridi, iko nyuma kwa saa sita. Huko ilikuwa saa kumi na mbili jioni, bado 31 Desemba 2006. Kompyuta haikukosea hesabu hata kidogo. Ilijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kinachowachanganya hata wazoefu ni kwamba maandishi yanayokaribiana sana husomwa kwa kanuni tofauti. `"2007-01-01"` husomwa kwa saa ya UTC. Ukiongeza saa bila kutaja ukanda, `"2007-01-01T00:00:00"`, yanasomwa kwa saa ya hapo ulipo. Utofauti huu una historia. Kanuni za lugha zilizotolewa mwaka 2009 zilisema kwamba ukanda usipotajwa, ihesabiwe UTC. Toleo la 2015 likageuza: ukanda usipotajwa, ihesabiwe saa ya mahali. Lakini kurasa nyingi zilikuwa zimeshaizoea tabia ya zamani kwa tarehe tupu, na kuigeuza kungeziharibu. Toleo la 2016 likakata shauri kwa kugawa: tarehe tupu ibaki UTC, tarehe yenye saa iwe ya mahali. Ndiyo kanuni mpaka leo. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulilinda kurasa zilizokuwepo na kuwaachia mtego wote waliokuja baadaye, kwa sababu kinachosomwa UTC ni kile hasa ambacho hakina saa wala mahali.

Kwa waandishi wa programu wa Nairobi, Kampala, Dar au Lubumbashi, mtego huu una ubaya wa ziada, kwamba hawauoni. Afrika Mashariki yote iko mbele ya UTC, na Kongo vilevile, kwa saa moja upande wa Kinshasa na saa mbili upande wa Lubumbashi. Kwa hiyo saa sita usiku ya UTC huwa imeshaingia siku ile ile kwetu. Unaweza kuijaribu programu mwaka mzima ukiwa Kigali na isikosee hata mara moja, kumbe ndugu yako aliyeko Toronto anaona kila tarehe ikiwa pungufu kwa siku. Naye mwenzako aliyeko London hasaidii kugundua, maana saa yake ni sawa na UTC majira ya baridi na iko mbele majira ya joto.

Hii haina maana kwamba sisi tumesalimika. Kosa lile lile lina upande wa pili, nao unatuangukia sisi. Hutokea tarehe inapohifadhiwa badala ya kusomwa. Mtumiaji wa Mombasa anabofya 15 Machi kwenye kalenda ya fomu. Kalenda nyingi za namna hii hurudisha saa sita usiku ya mahali alipo mtumiaji. Kisha programu, ili ipate maandishi ya kupeleka kwenye hifadhidata, inafanya hivi:

```
tarehe.toISOString().slice(0, 10)
```

`toISOString` huandika kwa saa ya UTC, na saa sita usiku ya Mombasa ni saa tatu usiku ya jana yake kwa UTC. Kipande cha pili kinakata saa na kuacha tarehe peke yake. Kinachohifadhiwa ni 14 Machi. Mtu wa Toronto akibofya siku hiyo hiyo anapata 15 Machi bila tatizo, kwa kuwa saa yake iko nyuma. Hapa ndipo pa kupambanulia: wakilalamika wa Amerika peke yao, tafuta kosa mahali tarehe inaposomwa, wakilalamika wa Afrika Mashariki, Ghuba au Asia, tafuta mahali inapohifadhiwa. Na kama tarehe inashuka siku moja kila fomu inapofunguliwa na kuhifadhiwa tena, basi njia ya kwenda na kurudi haijajengwa kwa kanuni moja.

Mstari huo huo hutumiwa pia kuandika tarehe ya leo, na hapo madhara hujificha gizani. Mtoto akizaliwa Dar saa nane usiku kuamkia tarehe 1 Julai, kwa UTC ni saa tano usiku ya 30 Juni. Mfumo wa hospitali unaojaza tarehe kwa njia hii utamwandika wa Juni. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kila rekodi itakuwa ya jana, na asubuhi yake atakayekuja kukagua ataona mfumo unafanya kazi vizuri.

Tiba ninayoitetea ni kutoigeuza tarehe ya kalenda kuwa nukta ya wakati pale isipolazimu. Hifadhidata nyingi zina aina ya safu iitwayo `DATE`, inayobeba mwaka, mwezi na siku bila saa. Humo ndimo tarehe ya kuzaliwa inapostahili kukaa, na isafiri kama maandishi mpaka kwenye skrini. Ikiwa kivinjari lazima kiipate kama `Date`, igawe mwenyewe:

```
const [mwaka, mwezi, siku] = "2007-01-01".split("-").map(Number);
const tarehe = new Date(mwaka, mwezi - 1, siku);
```

Namba zikitolewa moja moja hivi, JavaScript huzichukulia kuwa za saa ya mahali. Mwezi unapunguzwa moja kwa sababu lugha hii inahesabu Januari kuwa sifuri. Wakati wa kuhifadhi rudi kwa njia uliyokuja nayo: chukua `getFullYear`, `getMonth` na `getDate`, uunganishe maandishi upya, uiache `toISOString` kwa kazi yake ya kuandika nyakati. Chombo kipya cha lugha, `Temporal.PlainDate`, kimetengenezwa kwa ajili ya tarehe isiyo na saa, lakini vivinjari vya zamani havikijui.

Ziko tiba za haraka zinazopendwa, nazo ni hatari. Kuongeza siku moja kunamponya mtu wa Iowa na kumharibia mtu wa Dar. Kuiweka tarehe saa sita mchana ya UTC kunafaa kwa sehemu kubwa ya dunia, lakini Auckland iko mbele kwa saa 12, na 13 majira yao ya joto, hivyo huko siku inakuwa imeshageuka.

Kujaribu hakuhitaji safari. Badili ukanda wa saa wa kompyuta yako uwe wa Chicago kisha ufungue ukurasa upya, au, kwa programu ya seva, iendeshe hivi kwenye Linux au Mac:

```
TZ=America/Chicago node programu.js
```

Fanya hivyo tena kwa `Africa/Nairobi`. Seva nyingi huwekwa saa ya UTC, na kwenye UTC pande zote mbili za kosa hili hutoweka, kwa hiyo jaribio la huko halithibitishi kitu.

Kazi ngumu inabaki kwa rekodi zilizokwisha haribika wakati wa kuhifadhiwa. Huwezi kuziongezea zote siku moja, kwa sababu hazikupungua zote. Zilizojazwa Dar zimepungua, zilizojazwa Toronto hazikupungua. Zilizojazwa London hutegemea tarehe yenyewe: aliyezaliwa Julai 1990 amepoteza siku, kwa kuwa majira ya joto huko saa husogezwa mbele kwa saa moja, aliyezaliwa Januari mwaka huo hakupoteza, hata kama wote wawili walijaza fomu asubuhi moja. Kama mfumo haukuandika kila fomu ilijazwa kutoka ukanda gani wa saa, hakuna hesabu itakayoitenganisha tarehe iliyopungua na iliyo salama, na itabidi kila mwenye rekodi aombwe kuileta tena kutoka kwenye karatasi yake.